Krashi wako si fomu ya kujaza

Bila shaka hata kwenye simu yako ile orodha imeshafika. Mutu mumoja anaituma kwenye grupu ya promosyo, mwengine anaituma kwenye grupu ya kwaya, na kiisha siku mbili kila mutu anaandika sawasawa na mwenzake. Orodha inasema hivi: tafuta kwanza krashi wako anasema lugha gani ya mapenzi. Ikiwa ni maneno, mutumie sifa. Ikiwa ni wakati, mwambie unataka kukaa naye. Ikiwa ni zawadi ndogo, muahidi kitu. Ikiwa ni musaada, mwambie uko tayari kumufanyia kazi. Chini ya kila lugha kuna mesaje kumi za kukopi. Unachagua, unabandika, unatuma, unangojea.

Nimeisoma yote, pole pole, kama vile tulikuwa tunasoma kazi za wenzetu mbele ya kuzideposa. Wazo lake la musingi si baya. Ni kweli kwamba watu hawaguswi na kitu moja, na mwenye kutongoza bila kumuangalia anayetongozwa anapiga ngoma bila kuangalia kama mutu anacheza. Lakini orodha hii, ambayo inajisifu kwamba inamuangalia mutu, haimuangalii hata kidogo. Inamugeuza kuwa fomu yenye visanduku vine, na wewe kazi yako ni kuweka alama kwenye kimoja. Kosa hilo lina bei, na mara nyingi anayelipa si mwenye kutuma. Ni mwenye kupokea.

Tuanzie fasi maneno haya yalitoka. Yaliletwa na Gary Chapman, muchungaji wa Wabatisti wa muji wa Winston-Salem, kule North Carolina, Amerika. Mwaka 1992 alitoa kitabu juu ya lugha tano za mapenzi. Tano, si ine: maneno ya kujenga, wakati wa kuwa pamoja, zawadi, matendo ya musaada, na kugusana. Orodha yetu imeondoa ya tano, na hapo ninaisifu: kugusa hakupiti kwenye simu, na mutu ambaye hajakuitika hajakuruhusu kumugusa.

Lakini kuna kitu ingine imeondoa bila kutuambia. Chapman aliandika kwa bibi na bwana. Watu waliokuja kwake walikuwa na ndoa iliyoanza kupoa, wameishi nyumba moja myaka, kila mumoja anajua mwenzake analalamika nini jioni na anacheka saa gani. Kwa watu kama hao, kuuliza «ni kitu gani kinakufanya ujisikie unapendwa?» kuna maana, juu kuna mutu wa kujibu na ahadi iliyokwisha kufanywa. Baadaye alitoa vitabu vingine kwa watoto, kwa wasio na ndoa, hata kwa watu wa kazini, lakini muzizi unabaki pale. Krashi ni kinyume cha bibi au bwana. Ni mutu unayemujua nusu, ambaye labda hajui kama unamuwaza, na ambaye hana deni lolote kwako. Ukichukua dawa ya wanandoa na kumupa mutu ambaye hujamujua hata jina la pili, usishangae ikimuletea tumbo.

Tena, hata kwa wanandoa dawa yenyewe imepimwa. Mwaka 2024 watafiti watatu wa Kanada, Emily Impett, Haeyoung Gideon Park na Amy Muise, walitoa makala ya kuchunguza mawazo matatu ya kitabu: kwamba kila mutu ana lugha moja inayopita zingine, kwamba lugha ni tano, na kwamba wapenzi wanaosema lugha moja wanakuwa na furaha kuliko wengine. Kwa yote matatu waliona ushahidi ni munyonge. Sababu moja ni rahisi kuelewa. Testi ya Chapman inakulazimisha kuchagua kati ya vitu viwili, kama vile zawadi ao musaada. Lakini ukiwaomba watu wapime kila kitu peke yake, wengi wanasema vyote vina maana kwao. Watafiti wakapendekeza tuwaze mapenzi kama chakula: mwili unaomba vitu mbalimbali ili usimame. Sisi wa Bukavu tunalijua hilo bila makala. Hakuna mutu anaishi kwa sombe tu. Anataka bugali, anataka sambaza, anataka na maji.

Sasa tusome mesaje zenyewe.

Kwa lugha ya maneno, orodha inatoa hii: «Malaika wangu, uzuri wako unanikosesha usingizi.» Fanya testi ndogo. Ondoa huyu dada, weka mwengine yeyote wa promosyo yenu. Mesaje imebadilika? Hapana. Basi haikuandikwa kwa mutu, iliandikwa kwa kila mutu, na yeye analisikia hilo haraka juu labda ameshaipokea mara tatu mwaka huu. Sifa inayogusa ni ile ambayo haiwezi kuhama. Mufano: «Leo kwa eksipoze, profesa alikukata maneno, ukangoja, ukacheka, ukaendelea palepale ulikuwa umefikia. Mi ningekimbia. Hiyo unajifunzaka wapi? Nataka kujiandikisha.» Hapa kuna kitu kilichotokea, kuna saa yake, kuna muchezo kidogo kwenye mwisho. Na yeye ana kitu cha kujibu.

Kwa wakati: «Nataka kukaa na wewe milele.» Milele ni ndefu sana kwa mutu ambaye hamujakunywa naye hata chai. Mwenye kupenda wakati anataka saa, fasi, na mwisho wake. Ningeandika: «Siku ya posho saa kumi nitakuwa Nyawera, nakunywa chai kiisha soko. Kiti moja itabaki. Saa moja tu, kiisha nakurudishia silabusi zako. Ukikosa nafasi, kiti haitalia.» Lile neno la mwisho si mapambo. Ndilo linamuachia mulango wazi, anaweza kusema hapana bila kutafuta uongo.

Hapo utaona kitu ambacho orodha haikufikiri hata mara moja. Kati ya lugha zile ine, simu inaweza kubeba moja tu. Maneno yanafika yote, kamili, kwenye ekra. Wakati, zawadi na musaada havifiki. Kinachofika ni ahadi yake. Kwa hiyo mesaje ya wakati, ya zawadi ao ya musaada inasomwa kama karatasi ya deni: wewe umesema utafanya, sasa yeye anaangalia kama utalipa. Ukiahidi «kila kitu» umeahidi kitu ambacho huwezi kulipa, na yeye anajua. Ukiahidi kiti moja siku ya posho, unaweza kulipa. Ndiyo maana mesaje ndogo inapita mesaje kubwa.

Sasa swali la lugha yenyewe. Utaijuaje? Chapman mwenyewe alitoa alama tatu: namna mutu anavyoonyesha wengine mapenzi, kitu anacholalamikia mara nyingi, na kitu anachoomba mara nyingi. Ni alama nzuri, lakini zinafanya kazi zote tatu pamoja, na zinaomba muda. Wengi wetu tunachukua moja, tena kwenye statu ya WhatsApp, na tunafunga hesabu.

Nitaeleza kisa cha rafiki yangu mumoja. Ameniruhusu kukiandika, bila jina lake wala la dada. Walikuwa wote wawili wanamaliza, kila mumoja na memwari yake. Yeye alikuwa ameona kwamba dada ule anasaidia watu: anatuma PDF kwenye grupu, anakopesha noti zake, anabaki kiisha kozi kueleza wale ambao hawakuelewa. Rafiki yangu akafungua orodha, akasema, «Ni musaada. Lugha yake ni musaada.» Akakopi: «Mupenzi, niko tayari kukufanyia kila kitu. Wewe sema tu, mi niko mutumishi wako.»

Jibu lilikuja kiisha saa ine: «Asante kaka 🙏».

Yeye alifurahi, juu alijibiwa. Mi nilipoisoma nilimwambia, «Ndugu yangu, umefungiwa mulango kwa heshima.» Dada wa kwetu akitaka kukuweka mbali bila kukuumiza, anakuita kaka. Wewe umeanza na mupenzi, yeye amejibu na kaka. Hatua zote ulizoruka, amekurudisha nazo nyuma. Tena angalia kazi uliyomupa. «Sema tu» inamaanisha yeye ndiye atafute kitu cha kuomba, apime kama si kingi, abebe haya ya kuomba. Umesema unamusaidia, lakini umemuongezea kazi.

Siku tatu mbele, rafiki yangu akahamia lugha ingine ya orodha, zawadi. Bila kuuliza, akamutumia dola 5 kwa simu na maneno haya: «Ya kununua mega, masheri.» Saa hiyo hiyo pesa zikarudi: «Kaka, nimerudisha. Sikuomba.»

Hapa nataka tusimame kidogo, juu hapa ndipo kuna jambo zito. Rafiki yangu aliumia. Alisema dada ana majivuno. Lakini wasichana wote ambao wamesoma hapa kwetu wanajua pesa ya kwanza inaitwa nini wiki inayofuata. Inaitwa «mi nilikutumia mega na wewe hata kunijibu hutaki». Zawadi ambayo mutu hawezi kuikataa mbele haijafika si zawadi, ni deni linaloingia kwa dirisha. Karanga unaziweka mezani, anaweza kuziacha. Pesa kwenye simu inaingia bila kubisha hodi, na ili aitoe anapaswa kulipa makato ya kuituma. Wazia hesabu hiyo: kwa zawadi ya rafiki yangu, mwenye kutoka na hasara alikuwa yule aliyepewa.

Zawadi ndogo inaweza kutongoza vizuri sana ikibaki ndogo kweli na ikitoka kwa kitu alichosema mwenyewe. «Ile karanga ya kwa mulango wa oditwari, ulisema bila yenyewe kozi ya saa nane haiishi. Leo nimenunua vifuko viwili kwa makosa. Kimoja kinatafuta mwenyewe.» Thamani yake ni ndogo kuliko mega, lakini inamwambia: nilikuwa nasikia. Na akisema hana njaa, hakuna mutu anadaiwa.

Turudi kwa rafiki yangu. Kiisha pesa kurudi, nilimuomba anyamaze na asikilize, bila kutuma chochote. Alinyamaza siku tisa. Katika siku hizo akaona kitu ambacho orodha haikumuonyesha. Dada alikuwa anasaidia, ndiyo. Lakini lalamiko lake lilikuwa lingine: mara tatu alimusikia anawaambia wenzake, kwa kucheka, «Ninyi munaniuliza tu, hakuna mutu ananisikilizaka paka mwisho.» Na ombi lake la kila siku lilikuwa, «Ngojeni kidogo, tutoke pamoja.» Alama ya kwanza ilisema musaada. Ya pili na ya tatu zilisema wakati na masikio. Angesimama kwa ya kwanza, angekosea mutu mzima.

Kuna na kitu ingine. Wiki ile dada alikuwa na shida moja kubwa: memwari ilipaswa kudeposwa siku ya tano mbele ya saa sita, na kwa fotokopi kulikuwa na mustari murefu tangu asubui. Kwa wiki kama hiyo kila mutu anasema lugha ya musaada! Mwanafunzi ambaye hana franga za kupanda moto analalamika juu ya transpori, na wewe unaandika: lugha yake ni zawadi. Hapana. Hana franga tu. Haja ya wiki si tabia ya mutu. Ukichanganya hizo mbili, mwezi unaofuata utabaki unamutumia transpori mutu ambaye anataka umusikilize.

Siku ya ine jioni rafiki yangu aliandika, bila orodha, na akanionyesha kiisha kutuma: «Kesho saa moja nitakuwa kwa fotokopi kuimprime kazi yangu. Ukitaka, nibebe na flashi yako, utalala dakika makumi tatu zaidi. Kurasa utalipa mwenyewe, usiogope. Mi naomba tu kusoma ukurasa wa shukrani, nione kama jina yangu iko.»

Jibu lilikuja kiisha dakika mbili: «Jina yako haiko. Lakini ukurasa haujachapwa bado.»

Someni jibu hilo tena. Hakuna kaka. Hakuna mikono ya kushukuru. Kuna muchezo uliopokelewa na kurudishwa, na mulango uliofunguliwa kidogo, na yeye mwenyewe ndiye anashika ufunguo.

Sasa, mwenye kutetea orodha atasema: unaona, ilikuwa musaada, orodha ilisema kweli. Ndiyo hapa naomba muwaze kama watu waliosoma metodolojia. Mesaje ya kwanza ilikuwa ya musaada. Mesaje ya tatu ilikuwa ya musaada. Mwenye kutuma ni yeye yule, mwenye kupokea ni yeye yule, lugha ni ile ile. Matokeo ni kinyume. Basi lugha si yenyewe iliyoamua. Kilichobadilika ni vitu vitatu. Ya tatu ilitoka kwa kitu ambacho yeye alikuwa amekisema kwa mudomo wake: siku ya tano, mustari, usingizi. Ilikuwa na kipimo: safari moja ambayo kijana alikuwa anaifanya hata hivyo, na kurasa kila mutu analipa zake. Na iliacha fasi ya kukataa: «ukitaka». Ondoa kimoja tu, inaharibika. Angeandika «nitalipa kurasa zako zote», pesa zingerudi tena.

Kwa hiyo silitupi wazo la lugha za mapenzi. Ninalishusha cheo tu. Si jibu, ni maswali manne ya kujiuliza mbele ya kushika simu: nimesikia neno gani lake? Ana saa gani ya bure? Ni kitu gani kidogo kinamuchekesha? Ni kazi gani ya wiki hii ninaweza kuibeba bila kujionyesha? Kwa mutu mumoja, siku ya kwanza jibu litatoka kwa swali la ine, na siku ya posho litatoka kwa la pili. Ikiwa maswali yote manne hayana jibu, tatizo si mesaje. Hujamujua bado, na kazi yako ya leo ni kusikiliza.

Na mipaka iko. Ikiwa wewe ni asistanti, ao ni wewe unashika alama, dosye ao kazi ya mutu, musaada wako si lugha ya mapenzi hata ukiuandika na maua. Yeye hawezi kusema hapana, na fasi hakuna hapana, ndiyo haina maana. Iache simu mezani.

Kwa wengine wote, jifunzeni kusoma jibu kuliko kuandika mesaje. Anayetaka kuendelea anaongeza kitu: swali, utani, habari ambayo hukuiomba. Anayefunga anafupisha: asante, sawa, mukono, kaka, dada. Mara moja inaweza kuwa mega zimekwisha ao batri imekufa. Mara mbili za kufuatana, ni jibu. Usihamie lugha ingine ya orodha kama vile rafiki yangu alifanya, eti ya kwanza haikupita. Alikuelewa vizuri tangu ya kwanza.

Siku ya tano ile, memwari zote mbili ziliingia mbele ya saa sita. Kiisha hapo walishuka pamoja kunywa chai, na kijana aliniambia kwamba saa nzima hakusema mengi. Dada alieleza memwari yake tangu introdiksyo mpaka konklizyo, na kwa mara ya kwanza mutu alimusikiliza paka mwisho. Kama wanapendana leo, hilo ni lao. Mi najua tu kwamba ile chai haikuwa kwenye orodha.